Atachimenti Haina Kazi? Hivi Ndivyo Unaandikia Kampo Barua Ikuhamishe

Unaamka saa kumi na moja asubuhi Umoja, unadandia mathree, unashuka, unadandia ingine mpaka Indaa. Saa mbili uko kwa meza. Saa mbili na nusu umetumwa chai. Saa tano umepiga fotokopi mbili. Jioni uko steji tena, na ukifungua logibuku hakuna kitu ya kuandika.

Sasa piga hesabu. Ukitumia soo mbili ya fea kila siku, hiyo ni thao moja kwa wiki. Atachimenti ya wiki 12 inakula thao 12, na wengi hawalipwi hata ndururu. Hiyo ni doo ya mathe inaenda kukubebesha vikombe.

Kuna njia ya kutoka: unaandikia kampo barua ya kuomba kuhamishwa. Lakini barua nyingi za aina hii zinagonga mwamba juu zinaandikwa kwa hasira. Msee anaandika vile anadharauliwa, vile bosi ana madharau, vile anachoshwa. Kodineta anasoma, anaona ni mtoto analia, anakwambia vumilia.

Kenye kodineta anataka kuona ni kitu moja tu: kama hapo mahali unaweza pata marks ama huwezi. Atachimenti inapimwa kwa logibuku yenye supavaiza wa ofisi anasaini, lecha akikuja kukuangalia, na ripoti ya mwisho. Kama hakuna kazi ya kozi yako, vyote vitatu ni tupu. Hiyo ndiyo hoja yako. Madharau wacha kando.

Kwanza hakikisha ofisi ni tupu kweli

Wiki ya kwanza ni polepole karibu kila mahali. Bado hawakujui, hujapewa paswadi, kila mtu ako bize. Hiyo si sababu ya kuhama. Swali la kujiuliza ni hili: kuna mtu hapa ofisini anafanya kazi yenye nimesomea? Kama yuko na hakupi kazi, enda umwongeleshe. Kama hayuko kabisa, hapo sasa uko na kesi.

Tuchukue mfano wa msee wa Umoja, third year wa IT, kwa ofisi ya Indaa yenye hatutaitaja. Ameripoti Jumatatu, 5 Mei 2025. Anaambiwa kompyuta na netiweki zote zinashughulikiwa na fundi wa nje, na huyo fundi hukuja mara moja kwa mwezi. Hakuna mtu wa IT ofisini. Hata akikaa hapo wiki 12, atamwona huyo fundi kama mara tatu.

Anachofanya ni kuandika logibuku ukweli, siku kwa siku. "Jumanne: nimepiga fotokopi, nimepeleka barua posta. Hakuna kazi ya kompyuta." Wengi hapa ndio hujiharibia. Wanajaza logibuku na kazi za uongo ndio ikae poa, halafu wiki ya nne wanaandikia kampo eti hakuna kazi. Lecha akifungua hiyo logibuku anaona umeseti sava na ukarekebisha netiweki. Kesi imekufa.

Ongea na supavaiza, halafu uache alama

Alhamisi, 15 Mei, anaenda kwa supavaiza na heshima zake, anamuuliza kama kuna kazi yoyote ya kompyuta anaweza pewa. Anaambiwa hakuna. Jioni anatuma ujumbe mfupi: "Asante kwa kunisikiza leo. Nimeelewa kwamba kwa sasa hakuna kazi ya IT ofisini." Supavaiza akijibu "sawa", huo ni ushahidi. Hajagombana na mtu, na hiyo ofisi haitaandikia kampo kwamba alikuwa mjeuri.

Tafuta kwingine kabla uandike

Kodineta ako na mamia ya wanafunzi. Ukimwambia "nitafutie mahali", barua yako inalala kwa meza. Ukimletea barua ya kukubaliwa kutoka mahali pengine, amebaki na kuamua tu. Msee wetu amebisha milango mtaani mpaka sako moja huko Buruburu ikamkubali. Wako na mtu wa IT wa kudumu, na kompyuta 14 za kushughulikia. Wamempa barua inasema anaweza kuanza 26 Mei.

Barua yenyewe

Kampo nyingi hutaka barua kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni uleule. Iwe ukurasa mmoja. Inaenda kwa kodineta wa atachimenti wa idara yako, ikipitia kwa lecha anayekusimamia. Usiruke hadi kwa dini. Itarudishwa tu chini. Kama NITA ndio walikutafutia mahali, nao watumie nakala. Jumatatu, 19 Mei, msee wetu anaandika hivi:

*KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA MAHALI PA ATACHIMENTI*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nambari ya usajili kama ilivyo hapo juu. Nilianza atachimenti tarehe 5 Mei 2025.*

*Katika wiki mbili za kwanza nimefanya kazi za fotokopi na kupeleka barua. Ofisi haina mfanyakazi wa IT. Kazi hiyo hufanywa na fundi wa nje anayekuja mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo siwezi kupata mafunzo ya netiweki na urekebishaji wa kompyuta yanayohitajika na idara.*

*Tarehe 15 Mei nilizungumza na msimamizi wangu wa ofisi, naye akathibitisha kwamba kwa sasa hakuna kazi hiyo.*

*Naomba kuhamishiwa mahali palipotajwa katika barua ya kukubaliwa niliyoambatisha, kuanzia 26 Mei. Naomba pia mwongozo kama wiki tatu nitakazokuwa nimemaliza zitahesabiwa. Zisipohesabiwa, niko tayari kuanza upya na kumaliza tarehe 15 Agosti.*

*Nimeambatisha kurasa za logibuku, ujumbe wa msimamizi na barua ya kukubaliwa.*

Cheki hakuna mahali amelaumu mtu. Kila sentensi iko na tarehe ama kitu ya kuonyesha. Na ile ya wiki tatu ni muhimu: usipouliza mapema, unaweza maliza sako ukiwa na wiki 9 tu, na idara ilitaka 12. Unapata umerudishwa mwaka ujao.

Ndio maana pia hii barua ni ya wiki ya pili ama ya tatu. Ukiandika wiki ya nane, hata wakikukubalia, hakuna siku zimebaki kabla semesta ifunguke.

Usitoke kabla ujibiwe

Hapa wasee wengi huanguka. Umetuma barua Jumatatu, Jumanne umeshaanza Buruburu. Shida ni kwamba barua ya kampo na bima zinaweza kuwa bado zina jina la ile ofisi ya Indaa. Ukiumia huko mpya, unaweza kosa mtu wa kulipa. Na lecha akitokea Indaa kukupima akukose, anaandika hukuwa. Endelea kuripoti, endelea kuandika logibuku. Siku tatu zikipita kimya, enda ofisini ukiwa na kopi, uipigishe muhuri wa kupokelewa.

Ukijibiwa ndio, itisha barua mpya ya kampo yenye jina la mahali mpya, aga Indaa vizuri, na supavaiza asaini zile wiki ulikuwa. Ukijibiwa la, uliza kwa maandishi lecha atapima nini kwa logibuku yenye haina kazi.