Mkono wa kikaragosi unapochomoka begani

Kikaragosi anayepunga mkono ndani ya After Effects kwa kawaida huchorwa vipande vipande: kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha na kiganja, kila kipande na leya yake. Kipande kikizungushwa kabla ya kuandaliwa, huzunguka kwenye nukta iitwayo Anchor Point, ambayo mara nyingi huwa katikati ya leya. Kigasha hapo huzunguka kama pangaboi, na kiwiko huachana na mkono wa juu.

Kazi basi huanza na nukta hizo. Kwa kubonyeza herufi Y, mchoraji hupata kifaa cha kuisogeza nukta bila picha kuhama: ya mkono wa juu huiweka begani, ya kigasha kwenye kiwiko, ya kiganja kwenye kifundo. Mafundi huchora ncha ya kigasha ikiwa duara linaloingia chini ya mkono wa juu, kisha nukta hukaa katikati kabisa ya duara. Kigasha kikizungushwa nyuzi 90, mwanya ukionekana kwenye kiwiko, nukta haijakaa sawa.

Hatua hii itangulie uhuishaji. Mahali pa leya pakishawekewa alama za mwendo, kuisogeza nukta kwa kifaa hicho hubadilisha alama ya wakati ule tu. Nyingine hubaki na hesabu ya zamani, na kipande huanza kuteleza.

Baada ya hapo vipande huunganishwa kwenye safu ya Parent & Link. Kiganja hupewa kigasha kuwa mzazi, kigasha hupewa mkono wa juu, na mkono wa juu hupewa kiwiliwili. Tuseme mkono unaning'inia upande wa kulia wa skrini. Mkono wa juu ukizungushwa nyuzi -70 na kigasha -90, kigasha huelekea karibu juu kabisa, kwa kuwa kimeongezewa mzunguko wa mzazi wake. Kupunga kwenyewe ni kukipeleka kigasha kati ya -70 na -110. Kiganja hufuata bila kuguswa.

Kilichobaki ni kumhamisha kikaragosi mzima. Hapo huongezwa Null Object, leya isiyoonekana kwenye video iliyokamilika. Huwekwa sakafuni, katikati ya nyayo, na kufanywa mzazi wa kiwiliwili. Miguu nayo imeshaunganishwa na kiwiliwili. Null ikipunguzwa hadi asilimia 80, kikaragosi hupungua huku nyayo zikibaki chini. Ingekuwa kifuani, angeelea.

Mtoto hurithi mahali, ukubwa na mzunguko, lakini harithi Opacity. Null ikifanywa angavu kabisa, kikaragosi hubaki palepale. Ili afifie mzima, vipande vyake hufungwa pamoja kwa Pre-compose. Ukubwa nao una mtego: null ikitanuliwa 110 kwa upana na kubanwa 90 kwa urefu, mkono uliokwisha kuinuliwa kimshazari hupinda umbo. Anayetaka kikaragosi abonyee anapotua hukibana kiwiliwili peke yake, kikiwa leya isiyo mzazi wa mikono.