Kumi na tano ndani ya mraba wa namba

Chukua mraba wa kale wa Wachina uitwao Lo Shu, uliopangwa hivi:

```
2 7 6
9 5 1
4 3 8
```

Kila safu mlalo inajumlisha 15. Sasa uhesabu kama matriksi, na uuzidishe kwa vekta yenye 1, 1 na 1. Safu ya kwanza inatoa 2×1 + 7×1 + 6×1, yaani 15. Moja hazibadilishi kitu, zinajumlisha tu. Safu nyingine mbili nazo zinatoa 15. Jibu ni vekta ileile, imekuzwa mara 15 bila kugeuka uelekeo, na namba inayokuza hivyo ndiyo thamani eigeni. Hakuna mlinganyo mgumu uliotatuliwa, jambo ambalo wanafunzi wengi hawaliamini mwanzoni.

Faida yake huonekana ukitafuta thamani mbili zilizobaki. Jumla ya thamani zote tatu ni sawa na jumla ya ulalo, 2 + 5 + 8, ambayo nayo ni 15. Basi mbili hizo zinafutana. Kwa kuwa ditaminanti ni −360, zao lao ni −24: ni takriban 4.9 na −4.9.

Safu moja ikijumlisha 16, vekta ya moja tupu haifai tena.