Ukokotoaji wa Uwiano wa Marejesho ya Madeni kwa Kipato kutokana na Taarifa za Miamala za Miezi Mitatu: Mfano wa Kaya Moja

Uwiano wa marejesho ya madeni hupatikana kwa kugawa jumla ya marejesho ya mwezi, likiwemo rejesho la mkopo unaoombwa, kwa kipato cha mwezi cha kaya. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu umo katika kubaini ni kiasi gani cha fedha iliyoingia kwenye akaunti ni kipato. Makala haya yanaonesha jinsi kosa katika hatua hiyo linavyoweza kubadili uamuzi wa mkopeshaji.

Chukulia kaya ya mfano mjini Morogoro. Mume ni mwalimu wa shule ya serikali. Mke anaendesha duka la rejareja na hupokea malipo ya wateja kwa simu. Wanaomba mkopo ambao rejesho lake ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na mkopeshaji ameweka kikomo cha uwiano cha asilimia 50. Wamewasilisha taarifa za miamala za Februari hadi Aprili. Akaunti ya benki ya mume inaonesha mshahara wa shilingi 548,000 kila mwezi, na akaunti ya simu ya mke inaonesha mapokezi ya jumla ya shilingi 6,000,000 kwa miezi mitatu.

Anayejumlisha mapokezi yote atapata wastani wa shilingi 2,548,000 kwa mwezi. Marejesho yanayoonekana kwenye taarifa ni shilingi 90,000 za taasisi ya mikopo midogo na wastani wa shilingi 128,000 za mikopo ya simu. Pamoja na rejesho jipya, jumla ni shilingi 418,000, na uwiano ni asilimia 16.4. Mkopo ungeidhinishwa bila mjadala.

Hatua ya kwanza ya marekebisho ni kuondoa mapokezi yasiyo kipato. Shilingi 450,000 zilitoka kwa mume. Hubainika kwa kulinganisha tarehe na kiasi katika taarifa zote mbili. Shilingi 350,000 ni mikopo ya simu iliyopokelewa, ambayo ni deni. Shilingi 600,000 ni zamu ya upatu, yaani michango ya mke mwenyewe inayorudi. Kwa kuwa zamu yake ilikuwa ya mwisho, hadaiwi. Angepokea mapema, michango iliyobaki ingehesabiwa kuwa marejesho. Zinazosalia ni shilingi 4,600,000 za mauzo.

Hatua ya pili ni kutenganisha mauzo na faida. Taarifa hiyohiyo inaonesha malipo ya shilingi 3,580,000 kwa wauzaji wa jumla na shilingi 150,000 za pango la duka. Faida ni shilingi 870,000, sawa na 290,000 kwa mwezi.

Hatua ya tatu ni kutafuta deni lisiloonekana benki. Hati ya mshahara inaonesha mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, makato ya kodi, hifadhi ya jamii na bima ya afya ya shilingi 132,000, na makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya asilimia 15, yaani shilingi 120,000. Kwa kuwa makato haya ya mwisho ni marejesho, hurudishwa kwenye kipato na kuongezwa kwenye madeni. Mshahara unaotumika katika hesabu huwa shilingi 668,000.

```
Kipato   = 668,000 + 290,000 = 958,000
Madeni   = 120,000 + 128,000 + 90,000 + 200,000 = 538,000
Uwiano   = 538,000 / 958,000 = 56.2%
```

Hatua ya tatu ikirukwa, uwiano huwa 418,000 kwa 838,000, yaani asilimia 49.9, na ombi hupita kwa nafasi ndogo mno. Hapo ndipo umuhimu wa hati ya mshahara unapodhihirika: taarifa ya benki peke yake haiwezi kuonesha deni linalokatwa kabla mshahara haujafika.

Matokeo haya yana mipaka. Mauzo ya fedha taslimu hayamo kwenye taarifa, ilhali bidhaa zake huenda zililipiwa kwa simu. Hivyo faida inaweza kuwa imepunguzwa. Njia ya kupima uzito wa upungufu huo ni kuuliza faida gani ingefikisha uwiano kwenye asilimia 50. Kipato kingepaswa kuwa shilingi 1,076,000, na faida shilingi 408,000. Mkaguzi basi anatafuta katika daftari la mauzo ushahidi wa nyongeza ya shilingi 118,000 kwa mwezi. Usipopatikana, rejesho jipya ambalo kaya inaweza kulibeba ndani ya kikomo ni shilingi 141,000, na mkopo hupunguzwa au muda wake kurefushwa kulingana na kiasi hicho.