Chujio Linapoanza Kudondosha

Masika iliyopita nilikwenda kumsalimia shangazi yangu Morogoro, anakokaa chini ya milima ya Uluguru. Jikoni kwake kuna chujio la ndoo mbili za chuma kisichoshika kutu, moja imekaa juu ya nyingine, na ndani ya ndoo ya juu imesimama mishumaa miwili ya udongo mweupe. Aliijaza lita 10 saa mbili usiku. Asubuhi saa moja nilipofunua mfuniko, maji yalikuwa yamepungua vidole viwili tu. Chini tulipata bilauri sita.

"Hili limeshachoka, mwanangu," aliniambia. "Ukirudi Dar, nitafutie jingine."

Nilimwomba tulifungue kwanza. Maji yake ya masika huja na rangi ya chai ya maziwa, na mishumaa ilikuwa imevaa koti la tope la kahawia, laini, linaloteleza ukiligusa. Nilipolikwangua kidogo kwa ukucha, weupe ukatokea papo hapo. Mshumaa wa chujio una vijitundu vidogo kuliko vijidudu vingi vya kuharisha, kwa hiyo tope na vijidudu haviingii ndani. Vinakwama nje, kwenye ngozi ya juu. Tope likizidi, ngozi hiyo inazibika, lakini udongo wa ndani unabaki mzima. Ukiiondoa ngozi iliyoziba, maji yanapita tena.

Kabla ya kuanza kusugua, hakikisha kweli mshumaa ndio uliozuia. Nyanyua ndoo ya juu uchungulie ya chini. Kama ya chini imejaa na bomba linatoa maji kidogo kidogo, mishumaa haina kosa: bomba ndilo limeziba. Kama ya chini ni tupu na ya juu imejaa, kama ilivyokuwa kwa shangazi, basi rudi kwenye mishumaa. Kumbuka pia kwamba maji husukumwa na uzito wake yenyewe. Ndoo ikibaki robo, kasi hushuka hata kama mshumaa ni mpya, na hiyo si hitilafu.

Tulinawa mikono kwa sabuni, tukamwaga maji ya juu, kisha nikafungua nati ya plastiki iliyo chini ya kila mshumaa. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi bila kujua. Kijibomba chenye nyuzi kilicho chini ya mshumaa ndicho mlango wa maji safi. Tone moja la maji machafu likiingia humo limeshauruka udongo wote, na litaangukia moja kwa moja kwenye ndoo ya kunywea. Kwa hiyo kijibomba nilikifunika kwa kipande cha nailoni safi, nikakifunga kwa mpira wa kubania hela, nacho hakikuzama kwenye beseni hata mara moja.

Kusugua kwenyewe ni kazi ya dakika tano kwa kila mshumaa. Tulitumia mswaki mpya wenye nywele laini na maji baridi, tukizungusha mshumaa taratibu ili usiliwe upande mmoja. Kichwa chake cha mviringo kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tope hutulia hapo. Mswaki usipotosha, kile kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia vyombo kinafaa, ilimradi hakijawahi kugusa sabuni. Stilwaya iache kabisa, inachimba mifereji. Sabuni nayo usiipake kwenye mshumaa: inazama kwenye vijitundu, haitoki, na maji yatanuka sabuni siku nyingi. Wala usiuchemshe mshumaa uliogundishwa kwenye kitako cha plastiki, maana joto hulegeza gundi. Mishumaa mingi ya siku hizi ina mkaa ndani. Ukiutikisa ukasikia chenga zinacheza, ni wa aina hiyo. Mkaa huo hausafishiki. Muda wake wa kubadilishwa umeandikwa kwenye boksi.

Mshumaa ukishakuwa mweupe, usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, halafu uukague kwenye mwanga kama kuna ufa. Ufa mwembamba hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tulifanya jaribio moja ninaloliamini sana. Mishumaa ililoweshwa nusu saa katika maji safi yaliyochemshwa, vijibomba vikiwa juu ya maji, mpaka mapovu ya hewa yakaisha kutoka kwenye udongo. Kisha nikavalisha kijibomba mrija safi wa mpira, mshumaa ukiwa bado ndani ya maji, nikapuliza kwa nguvu. Mshumaa mzima uliolowa hautoi hata povu moja, kwa kuwa pumzi ya mtu haiwezi kuyasukuma maji yaliyomo kwenye vijitundu vile. Ukiona mapovu yanafuatana kutoka sehemu moja, au pale udongo unapokutana na kitako, umepasuka, na hakuna kuuziba. Yetu ilikuwa mizima yote miwili. Nikavisuuza vijibomba kwa maji yaliyochemshwa kufuta pumzi yangu.

Kule kulowesha kuna faida nyingine. Mshumaa ukirudishwa ukiwa mkavu, hewa hunaswa ndani ya udongo na maji hukataa kupita. Mtu husafisha vizuri, akaona chujio bado linadondosha, akakata tamaa, kumbe ni hewa tu.

Mishumaa ikiwa inalowa, tulishughulikia ndoo. Ya chini watu huisahau kwa kuwa inapokea maji safi, lakini pitisha kidole ukutani: tulikuta utando unaoteleza kama ukoga wa meno. Ndoo zote mbili tuliziosha kwa sabuni, tukazisuuza mpaka povu likaisha, tukazimwagia maji ya moto yanayochemka. Bomba tulilifungua lote. Ndani kulikuwa na ute, na mdomoni ukoko mweupe wa maji magumu, ambao tuliulowesha nusu saa katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukoko ulitoka kwa mswaki.

Wakati wa kufunga, washa ya mpira ikae kati ya kitako cha mshumaa na sakafu ya ndoo ya juu, kwa ndani, na nati ikazwe kwa vidole tu. Ukitumia spana, plastiki inapasuka. Washa ikikaa upande, maji ya juu yatapenya pembeni bila kuchujwa, na kasi itakufurahisha kwa makosa. Chujio linalotoa maji haraka kuliko lilipokuwa jipya liogope kuliko lile linalosuasua.

Ndoo ya kwanza tuliimwaga, mboga zikaipata. Ya pili nilipima: saa moja baada ya kujaza lita 10, nilikinga lita moja na nusu. Usiku uliotangulia, saa kumi na moja hazikufikisha kiasi hicho.

Shangazi sasa hujaza ndoo ya pembeni jioni, akaacha tope litulie hadi asubuhi, kisha huchota ya juu na kuyapitisha kwenye khanga iliyokunjwa mara nne kabla ya kuyamimina kwenye chujio. Ya kunywa mjukuu mchanga bado anayachemsha, na anafanya vizuri, kwa sababu virusi ni vidogo kuliko vijitundu vya mshumaa. Kila kusugua kunapunguza unene wa udongo, ndiyo maana mishumaa yake iliuzwa na pete ya plastiki ya kupimia. Siku pete itakapopita kwenye mshumaa bila kukwama, ndipo atanunua mwingine. Tuliijaribu kabla sijaondoka. Ilikwama kichwani.