Baba akiusia: "Mtoto asipewe urithi wake mpaka miaka 25"

Suala: Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili wa miaka 19 na 12, na binti wa miaka 9. Baada ya gharama za maziko na madeni zimebaki shilingi milioni 40. Ameusia kuwa fedha za watoto zishikwe na ndugu yake, na kila mmoja akabidhiwe fungu lake akitimiza miaka 25. Je, huyu wa miaka 19, ambaye ndiye anayeendesha duka la baba yake, asubiri?

Jawabu: Kwanza tugawe. Mke ana thumni, nayo ni milioni 5. Milioni 35 zilizobaki ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: kila mvulana milioni 14, binti milioni 7. Mafungu haya yamekuwa milki yao tangu baba alipokata roho. Kwa hiyo hawezi kumzuilia mrithi mali ambayo si yake tena.

Alichokuwa nacho baba ni haki ya kuteua wasii wa kusimamia mali ya watoto wadogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, uteuzi huo hausihi ikiwa babu mzaa baba yuhai na anafaa, kwani usimamizi ni wake. Tumeelezwa kuwa babu ameshafariki, basi ami yao ni wasii halali.

Usimamizi huo unakwisha lini? Suratun Nisaa, aya ya 6, imetaja mambo mawili: baleghe na rushdi. Baleghe hujulikana kwa alama zake, au kwa kutimia miaka 15 ya Kiislamu. Rushdi ni kuwa mwema katika dini na kujua kuitunza mali, nayo haijui umri. Wasii humjaribu mtoto: mtoto wa mfanyabiashara hutumwa kupatana bei, zaidi ya mara moja, mpaka idhihirike kuwa hapunjiki ovyo. Hapo hukabidhiwa mali yake mbele ya mashahidi.

Miaka 25 imetajwa na Imamu Abu Hanifa, lakini kwake huo ni ukomo wa kumzuilia asiye na rushdi. Hakusema mwenye rushdi angoje mpaka hapo.

Basi kijana huyu, ikithibiti rushdi yake, apewe milioni 14 zake sasa. Akipenda kuziacha kwa ami kama amana, ni hiari yake. Mali ya wadogo wawili ibaki kwa wasii, yenye hesabu iliyoandikwa, mpaka nao wafikie hapo.

Mzazi anayetaka kuchagua umri ana nafasi katika theluthi yake, kwa wasiomrithi, kama wajukuu waliofiwa na baba na wanaozuiliwa na ami zao. Hapo anatoa mali yake mwenyewe. Fungu la mrithi limegawiwa na Mwenyezi Mungu.

Wallahu aalam.