Diski Ikijaa, Anza na /var

Seva ya Linux ikijaa ghafla, mshukiwa wa kwanza ni `/var`. Humo hukaa vitu vinavyoongezeka mashine ikiwa kazini: kumbukumbu za matukio, foleni za barua, mara nyingi hata hifadhidata. Tazama kilichovimba:

```
sudo du -xh -d1 /var | sort -h
```

Mstari wa mwisho ni jumla ya `/var` yenyewe; saraka iliyo juu yake ndiyo kubwa kuliko zote ndani ya `/var`. Ila ukifuta faili ambalo programu bado imelifungua, nafasi hairudi mpaka programu hiyo ilifunge.

`/usr` usiichokore; ndimo zilimo programu za mfumo wenyewe, na zikiharibika husakinishwa upya. `/opt` ni ya programu za nje zinazojitegemea. Nakala za akiba zianze na `/home`, yenye mafaili ya watumiaji, kisha `/etc`, yenye mipangilio ya mashine nzima.