Ulilala wapi usiku ule?

Sensa ya Kenya husimama juu ya usiku mmoja. Mwaka 2009 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na kila mtu alihesabiwa pale alipolala. Karani aliyefika siku nne baadaye bado alipaswa kuuliza habari za usiku uleule.

Sasa fikiria familia ya wafugaji huko Mandera. Mama na watoto wadogo wamebaki karibu na kisima, vijana wako na ngamia mwendo wa siku mbili. Karani akimuuliza baba kaya yake ina watu wangapi, atawataja wanawe wote, maana kwake kaya ni damu, wala si paa walilolalia. Wiki hiyohiyo karani mwingine huenda akawakuta vijana malishoni na kuwaandika tena. Huenda pia asifike kwao mtu yeyote.

Kosa la namna hii huonekana kwenye hesabu. Mwaka 1999 Mandera ilikuwa na watu 250,372, na mwaka 2009 zikaandikwa roho 1,025,756. Hata wangeongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka, kasi kubwa sana kwa binadamu, wasingefika 375,000. Ama sensa ya kwanza iliwaacha wengi, ama ya pili iliwarudia, na mimi naamini yote mawili yalitokea. Serikali ilikataa matokeo ya wilaya nane, za Mandera zikiwemo. Nyuma ya karatasi palikuwa na kishawishi: idadi ya watu ndiyo huamua majimbo ya uchaguzi na mgao wa fedha, na eneo lililosahaulika miaka mingi lina sababu ya kutaka kuonekana kubwa. Mwaka 2019 Mandera ilihesabiwa tena, ikapata 867,457.

Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, shida iligeuka. Huko watu hawahami na mifugo, ila milango ndiyo isiyoaminika. Ploti moja ina vyumba vilivyopangana pande mbili za ujia mwembamba, na chumba kilichoongezwa mwezi uliopita hakimo kwenye ramani ya karani. Bawabu yuko lindoni usiku kucha, na mchana amelala au ametoka tena kutafuta. Jirani anayemjibia hajui kama nduguye aliyekuja kutoka kijijini alilala pale.

Sensa ya 2009 iliwapata watu 170,070. Wengi walishangaa, kwa kuwa kwa miaka walikuwa wakisikia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Watafiti waliohesabu kijiji kimoja cha mtaa huo, Kianda, nyumba kwa nyumba, kisha wakakadiria mtaa mzima, walipata kati ya 235,000 na 270,000. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba makarani waliwaacha maelfu ya watu, lakini ile milioni haikuwa imetoka kwenye mlango wowote uliobishwa.